Mwenzi Anapolipuka kwa Hasira: Kujilinda Wakati Ule, na Kulizungumza Baadaye

Katika kazi ya kuwasikiliza wanandoa, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine huja mwishoni, mtu akiwa amekwisha kushika mkoba wake ili aondoke: "Mwenzangu si mtu mbaya, lakini akikasirika hubadilika kabisa. Nifanye nini pale pale?" Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mke au mume. Unahusu hasira ya namna moja, ile inayolipuka ghafla kwa makelele, matusi, kubamiza mlango au kurusha vitu, kisha ikapoa baada ya saa moja au mbili na kuwaacha watu wa nyumbani wakitembea kwa kunyata.

Wengi huniomba maneno ya kumtuliza mwenzi. Sina maneno hayo, na ninawasihi msiyatafute, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipuka hatulizwi kwa hoja. Kinachowezekana ni kazi mbili zinazofanywa kwa nyakati mbili tofauti: kupita salama katika ule mlipuko, na baadaye, akili zikiwa zimepoa, kuurudia na kuuzungumza wenyewe badala ya kuuacha upite kama mvua.

Kwanza hakikisha kwamba mwongozo huu unakufaa

Kuna mtu asiyejimudu anapokasirika, na kuna mtu anayeitumia hasira ili akutawale. Wa kwanza hulipuka popote: hugombana kazini, hugombana na kondakta, humfokea hata mama yake mzazi kisha akajuta. Wa pili hulipuka mlango ukiwa umefungwa, na simu ya bosi wake ikilia katikati ya makelele huipokea kwa sauti ya upole, akamaliza mazungumzo, kisha akaendelea kukutukana. Huyo anaweza kuimudu hasira yake, ila amechagua mahali pa kuiachia. Tazama pia vinavyovunjika. Ukiona kwamba katika miaka yote vimevunjika vyombo vyako na simu yako, na cha kwake hakijawahi kuguswa, usiliite jambo hilo hasira tu.

Hatua za kujilinda zitakazofuata zinawafaa watu wote wanaofokewa. Hatua za kumweka mwenzi chini na kuzungumza naye hazimfai mtu ambaye nyumbani kwake limetokea hata moja kati ya haya: amekabwa shingo, ametishiwa kuuawa, ameonyeshwa silaha, amepigwa akiwa mjamzito, vipigo vinazidi kuwa vikali, au anazuiwa kutoka, kutumia simu na kuonana na ndugu zake. Katika nyumba kama hiyo, kikao cha kusema "uliniumiza" kinaweza kuleta kipigo kingine, na mipango ya kuondoka haitangazwi kwa mwenzi, kwa kuwa wakati wa kuondoka ni miongoni mwa nyakati zenye hatari kubwa kuliko zote.

Kuhusu kukabwa shingo nitasema zaidi kidogo, maana watu hulipuuza kwa kuwa "alinikaba mara moja tu na hakikubaki hata alama". Kukabwa ni mojawapo ya ishara nzito kabisa kwamba siku nyingine mtu huyo anaweza kuua. Vilevile, jeraha la ndani ya shingo linaweza kuwapo bila alama yoyote juu ya ngozi, na madhara yake yakajitokeza baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa. Ikiwa sauti imekauka, kumeza kunauma, kichwa kinazunguka, macho yana vidoa vyekundu, au ulipoteza fahamu au mkojo ulikutoka wakati ule, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba ulikabwa.

Vya kuandaa kabla ya siku ya mlipuko

Mambo haya yaandaliwe nyumba ikiwa imetulia, kwa sababu wakati wa makelele akili haipangi, hukumbuka tu ilichokizoea.

Kwanza, zitembee njia za nyumba yako kwa macho. Ni chumba gani chenye mlango unaofika nje bila kupita mahali pengine? Wengi wetu tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga, vyenye mlango mmoja unaotokea koridoni, hivyo mahali salama ni karibu na mlango huo, au uani na barazani ambako wapangaji wengine wanaona na kusikia. Mahali pabaya kuliko pote ni jikoni, penye visu, mafuta ya moto na mafuta ya taa, na baada ya hapo ni chooni na bafuni, ambako ukiingia huna pa kutokea na sakafu ina utelezi.

Pili, mchague mtu mmoja, jirani au ndugu aliye karibu, mpatane neno. Dada mmoja alipatana na jirani yake kwamba siku atakayotuma ujumbe wa "naomba unisaidie kitunguu", jirani aje agonge mlango kwa sauti na alete watu. Hilo linatosha. Usimchague mtu ambaye atakwenda kumsimulia mwenzi wako.

Tatu, weka nje ya nyumba, kwa huyo jirani au kwa ndugu, bahasha yenye nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki na bima, pamoja na nauli ya kukufikisha mahali pa kulala. Ikiwa mwenzi wako hupekua simu yako, usihifadhi humo picha za hati hizo wala majina yanayojieleza.

Nne, itunge kauli ya kuondokea na uikariri mpaka itoke bila kufikiri. Mfano: "Nimekusikia. Jambo hili ni zito na nataka tulizungumze. Natoka kidogo, nitarudi baada ya nusu saa." Ikiwa mna mwafaka mzuri siku za kawaida, mwambie mwenzi mapema kwamba kauli hiyo utaitumia na kwamba maana yake si kumdharau. Ikiwa unaona kumwambia kutamchochea, usimwambie.

Hatua kwa hatua

1. Zitambue dalili za mwanzo, zake na zako. Mlipuko huonekana wa ghafla kwa sababu hatukuangalia dakika zilizoutangulia. Wengine husaga meno, wengine hunyamaza na kuanza kuzunguka chumbani, wengine hurudia swali moja kwa sauti inayopanda. Mwili wako nao una dalili zake: moyo kwenda mbio, masikio kupata moto, mikono kutetemeka. Mapigo ya moyo wa mtu aliyekaa yanapopita takriban 100 kwa dakika kwa sababu ya ugomvi, uwezo wake wa kusikiliza na kupima maneno hupungua sana. Hali hiyo inampata yeye, na inakupata wewe pia.

2. Sogea mahali salama kabla ya kujibu lolote. Kama mpo jikoni, toka jikoni. Kaa upande wa mlango, lakini usiuzibe, maana njia ya kutoka inapaswa kuwa wazi kwenu wote wawili. Acha nafasi inayozidi mikono miwili iliyonyooshwa kati yenu. Usimkabili kifua kwa kifua, simama upande upande kidogo, mikono ikiwa wazi na ikionekana. Ukiwa na mtoto mchanga, mbebe au mpe mtu mwingine mapema, na usimtumie kamwe kama ngao kwa kudhani kwamba mwenzi hatathubutu.

3. Uteremshe mwili wako. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6 au 8, mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoupunguzia moyo mbio. Zikanyage nyayo zote mbili sakafuni na ulegeze mabega. Unafanya hivi ili ubaki na akili ya kuamua kama utabaki au utatoka. Mwenzi anaweza kuendelea kupiga kelele vilevile, na hilo halina maana kwamba umeshindwa.

4. Sema maneno machache, kwa sauti ya chini kuliko yake. "Nakusikia." "Naona limekuudhi sana." Basi. Usijitetee, usirekebishe tarehe aliyoikosea, usiulize "kwa nini unanifanyia hivi", usimkumbushe ya mwaka jana. Neno ninaloomba watu waliache kabisa ni "tulia", kwa sababu aliyekasirika hulisikia kama amri au kejeli.

Niongeze jambo hapa kwa wasomaji Waislamu, kwa kuwa huniuliza. Mafundisho yanayojulikana sana pwani, kwamba mwenye hasira aliyesimama akae, aliyekaa ajilaze, na kwamba achukue udhu, ni mazuri na yanasaidia kweli, lakini yanamsaidia anayeyachukua mwenyewe. Kumwambia mtu "nenda katawadhe" katikati ya makelele ni sawa na kumwambia "tulia".

5. Toka kwa muda, na useme utarudi lini. Sema ile kauli yako mara moja tu, kisha ondoka bila kubamiza mlango. Mwili unahitaji angalau dakika 20 ili ushuke, na wengi wanahitaji zaidi, kwa hiyo nusu saa ndiyo kadirio la chini, na saa moja ni bora. Kutaja muda ni muhimu, kwa sababu anayeachwa bila neno huhisi ametelekezwa au amedharauliwa, na hasira hupanda upya. Huko nje usikae ukipanga majibu makali, wala usimpigie simu kila ndugu, maana kufanya hivyo huuweka mwili wako katika vita ileile. Tembea, fua, kaa na jirani anayezungumza habari nyingine.

Kosa kubwa la wanaoanza liko hapa, nalo ni kumfuata mwenzi anayetoka. Akitoka yeye ili apoe, mwache atoke. Kumshika shati na kumwambia "hutoki mpaka tumalize" kumewatia wengi katika hatari ambayo isingekuwapo. Nasema hivi kwa ajili ya usalama tu, kwa sababu mkono ukiinuliwa, kosa ni la aliyeuinua, lote.

6. Rudi kwa wakati uliosema, lakini usilizungumze usiku huo. Kama ukifika unasikia bado anafoka, usiingie. Tuma ujumbe mfupi kwamba utarudi baadaye au kesho, kisha utumie mpango wako wa mahali pa kulala. Kama amepoa, mnaweza kula na kulala. Uchovu na aibu ya mlipuko hufanya mazungumzo ya usiku huo yawe ama ugomvi wa pili ama maombi ya msamaha yasiyo na kitu ndani yake.

7. Andika kilichotokea ndani ya siku moja. Sentensi tano au sita zinatosha: tarehe, jambo lililoanzisha, maneno aliyoyasema, alichokifanya kwa mikono, mtoto alikuwa wapi, iliisha vipi. Iandike mahali asipoweza kuiona, au mpe ndugu akuhifadhie. Kumbukumbu hiyo ina kazi mbili. Inakuzuia kusema "kila siku" na "siku zote" wakati wa mazungumzo, na baada ya miezi mitatu inakuonyesha kama milipuko inapungua au inaongezeka, jambo ambalo moyo unaopenda hauwezi kulihesabu vizuri.

8. Chagua wakati, kisha uombe. Subiri siku moja hadi tatu. Ukichelewa zaidi, jambo linazikwa, na baadaye utalikuta limeoza. Wakati mzuri ni mchana, wote mkiwa mmeshiba, hakuna aliyelewa, watoto hawapo. Barazani, au mkitembea pamoja, ni afadhali kuliko chumbani, kwa kuwa watu wanaopita huzipunguza sauti. Anza kwa kuomba: "Nina jambo la Jumatano nataka tulizungumze, kama robo saa hivi. Sasa inafaa, au jioni?" Usilianze kwa ujumbe wa simu.

9. Tenganisha kilichosababisha ugomvi na namna mwenzi alivyolipuka. Hatua hii ndiyo roho ya mwongozo wote, kwa hiyo nitaieleza kwa mfano. Mfano huu nimeuunga kutoka katika nyumba zaidi ya moja ili asitambulike mtu.

Mume ni seremala, mke ni mama lishe, wanaishi Mbagala katika vyumba viwili na mtoto wao wa miaka mitano. Jumatano usiku mume aligundua kwamba mke alimtumia kaka yake shilingi 50,000 za karo bila kumwambia. Alimwita mwizi mbele ya wapangaji, akarusha sahani ya ugali ukutani. Mtoto alijificha chini ya meza. Asubuhi yake mume alinunua sahani mbili mpya, na hapakuwa na neno lingine.

Katika nyumba hiyo yalikuwapo mambo mawili, hela na sahani. Kila mke alipojaribu kuzungumza habari ya sahani, mume aliirudisha habari ya hela, na kwa kuwa kwenye hela mke alikuwa na kosa lake, alinyamaza. Mlipuko ulikuwa haujadiliwi kamwe, kwa sababu daima ulikuwa na sababu.

Jumamosi mchana, barazani, mke alisema hivi:

"Baba watoto, kuhusu zile hela, nilikosea kutokukwambia. Nitakuwa nakwambia kabla sijatuma. Hilo nimelimaliza upande wangu. Jambo la pili ni sahani. Jumatano uliniita mwizi, watu wakisikia, na ukarusha sahani ukutani. Niliogopa, na mtoto alikuwa chini ya meza anatetemeka. Ninakuomba ukikasirika utoke nje kwanza, au uniambie tuongee kesho. Siku nyingine kikirushwa kitu, mimi nitamchukua mtoto tukalale kwa shangazi, na tutaongea kesho yake mchana."

Mume alijibu kama wengi wanavyojibu: "Lakini wewe ndiye uliyenichokoza."

"Ya hela nimeyakubali," mke alisema. "Sasa naongea habari ya sahani."

Yatazame maneno yake yalivyopangwa. Alianza na kosa lake, kwa ufupi, ili lisitumike kama kifuniko. Akataja tukio lililoonekana kwa macho, hakusema "wewe una roho mbaya". Akasema lilivyomgusa yeye na mtoto. Akaomba jambo moja linalotendeka. Kisha akaweka mpaka, na mpaka huo ulihusu atakachokifanya yeye, kwa uwezo wake mwenyewe. "Usirudie tena" ni ombi tu, na asiyelitaka hulipuuza. "Nitakwenda kwa shangazi" kunategemea miguu yako mwenyewe, kwa sharti kwamba shangazi amekwisha kuulizwa na nauli ipo. Usitaje mpaka ambao hutautekeleza, kwa sababu mwenzi hujifunza haraka kwamba maneno yako hayana kitu nyuma yake.

Angalizo moja: kukiri kosa lako kuwe tu pale ambapo kosa lipo. Usijitwike kosa la uongo ili kumfurahisha.

10. Hesabu wiki zinazofuata. Katika nyumba ya mfano wetu, mara mbili mume alihisi hasira inapanda akatoka kukaa barazani, na mke akamwacha. Mara ya tatu, kama miezi miwili baadaye, alirusha stuli. Mke hakugomba wala hakumkumbusha makubaliano. Alimbeba mtoto, akaenda kwa shangazi, na kesho yake mchana wakazungumza. Siku hiyo ndipo mume alipokubali kwenda kuonana na mjomba wake, mtu anayemheshimu, na baadaye na mshauri. Kinachopimwa hapa ni vitendo vidogo vinavyojirudia: anatoka kabla ya kulipuka, anakubali jina la alichokifanya bila kuongeza "lakini", muda kati ya mlipuko na mlipuko unarefuka. Machozi na zawadi havihesabiwi.

Mambo yanapokwama

*Kila nikitaka kutoka ananifuata au anasimama mlangoni.* Usishindane naye kwa nguvu. Ongea kwa sauti itakayosikika nje, sogea mbali na jikoni, tumia neno lenu na jirani, au piga simu polisi kwa namba 112 nchini Tanzania na 999 au 112 nchini Kenya. Kuzuia mtu asitoke kumekwisha kuvuka kiwango cha hasira ya kawaida. Baada ya hapo rudi kwenye sehemu ya mwanzo ya mwongozo huu na ujiulize upya kama hatua ya 8 na ya 9 bado zinakufaa.

*Hulipuka akiwa amelewa tu.* Wakati huo kazi ni moja, usalama, kwa hiyo hatua ya 1 hadi ya 5 zinatosha, na hata kauli ya kuondokea unaweza kuiacha ukatoka kimya. Mazungumzo yafanyike akiwa na akili timamu, na ombi lako lihusu pombe yenyewe. Ila pima kwa makini: kama huwatukana na kuwapiga watu wa nyumbani tu, na baani hulewa bila kumgusa mtu, tatizo halikai ndani ya chupa.

*Ndugu wananiambia nivumilie, mambo ya ndani hayatoki nje.* Siri ya mtungi aijuaye kata, na unayeishi humo ndiwe unayejua hali ilivyo. Usiwaambie wote, mchague mmoja mwenye uzito kwa mwenzi wako. Mara nyingi mshenga aliyesimamia posa yenu anafaa kuliko wazazi, kwa sababu anasikilizwa pande zote mbili na hana upande wa kutetea. Akikuambia kwamba mume ana haki ya kumwadhibu mke, ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015, ambayo mtu anaweza kuitumia kuomba amri ya ulinzi mahakamani.

*Mimi ni mwanamume, na anayelipuka ni mke wangu.* Hatua ni zilezile. Linaloongezeka ni aibu ya kusema, na hatari ya kumrudishia mkono ukidai ulikuwa unajikinga. Toka mapema kuliko unavyoona inahitajika, na umweleze mtu mmoja siku hiyo hiyo.

*Amekubali kwamba ana tatizo. Twende kwa mshauri pamoja?* Kama hakuna kipigo wala hofu, ndiyo. Kama unaogopa kusema ukweli mbele yake, aanze yeye peke yake, na wewe uwe na mtu wako wa kukusikiliza. Mkikaa pamoja, utasema nusu ya ukweli, au utausema wote kisha uulipie mkifika nyumbani. Ikiwa hasira imeanza hivi karibuni kwa mtu aliyekuwa mpole, apelekwe pia kwa daktari, kwa kuwa sonona, kukosa usingizi, maumivu ya muda mrefu na jeraha la kichwa vinaweza kujitokeza kwa sura ya ukali.

*Amenipiga.* Ukiwa umeumia, hospitali kwanza. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa fomu ya polisi namba 3, inayojulikana kama PF3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kenya, namba 1195 hupigwa bila malipo kwa masuala ya ukatili wa kijinsia, na fomu ya polisi ni P3. Piga picha za majeraha siku hiyo na tena baada ya siku mbili, maana michubuko mingine huonekana zaidi baadaye, kisha umtumie picha hizo ndugu unayemwamini.

*Mtoto aliona yote.* Usimwambie kwamba hapakuwa na kitu, kwa sababu atajifunza kutoyaamini macho yake. Mkae naye kesho yake, kwa maneno ya umri wake: "Jana baba alikasirika sana, akarusha sahani. Kurusha sahani si vizuri. Wewe hukufanya kosa lolote. Ukisikia makelele tena, usije katikati yetu, nenda kwa mama wa chumba cha pili, mimi nitakufuata." Kisha mpeleke mkono kwa mkono mpaka kwenye mlango huo, mbishe hodi pamoja, ili siku ya pili miguu yake iijue njia.